Mabati 30 Chini ya Kitanda

Katika picha, joho langu limevaliwa na Mama. Kofia imekaa upande juu ya mtandio wake, kishada kimemwangukia jichoni, na Baba amesimama pembeni ameshika shada la maua ya plastiki tulilouziwa getini kwa shilingi 5,000, amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Mhitimu mwenyewe hayumo. Nilikuwa nimeshika simu, nawapiga picha.

Jioni ile ya Novemba 2024 nilitaka kuiweka picha hiyo ndugu na marafiki waione, na chini yake niandike shukrani kama wafanyavyo wahitimu wote. Niliandika kwamba namshukuru Mungu, na nawashukuru wazazi wangu kwa kunisomesha katika hali ngumu. Nilipoyasoma nikakumbuka kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimeyakuta maneno hayo hayo chini ya picha za wenzangu wasiopungua sita, mmoja wao akiwa mtoto wa mzee aliyemleta chuoni kwa gari lenye kiyoyozi. Nikayafuta.

Nimesoma uhasibu miaka mitatu. Mtu akiniambia "hali ngumu", jambo la kwanza ninalotaka kujua ni shilingi ngapi. Na nilijua pa kuulizia, kwa sababu Baba alikuwa amekuja Dar es Salaam na daftari lake la hesabu, kaunta buku lisilo na jalada, limefungwa kwenye mfuko wa rambo pamoja na stakabadhi zote za ada tangu mwaka wa kwanza. Kulibeba safari nzima kutoka Newala halikuwa wazo la kumbukumbu. "Nilisema wasije wakakuzuia mlangoni kwa deni," aliniambia. "Nikabeba ushahidi."

Usiku ule tukaketi kwa binamu yangu Mbagala, tukalifungua.

Kwetu ni juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo maji ni ya kununua kwa ndoo miezi mingi ya mwaka na zao la fedha ni moja tu, korosho. Baba ana ekari nne zenye mikorosho ya zamani, ambayo katika mwaka wa kawaida hutoa kama kilo 700. Mihogo na mbaazi anazolima Mama ni za chungu. Fedha yoyote inayozidi ya chumvi na sabuni sharti itoke kwenye mkorosho, na mkorosho una kalenda yake. Unachanua kiangazi, ukipuliziwa salfa ili ubwiriunga usiue maua, korosho huanza kuanguka kama Septemba, mkaziokota, mkazibandua kwenye mabibo, mkazianika, kisha mkazipeleka chama cha msingi zikapimwe. Hapo mkulima hapati fedha. Anapata stakabadhi. Korosho zinakwenda ghala kuu, zinangoja mnada, mnunuzi akishinda analipa, ndipo fedha zinapita kwa chama, zinakatwa ushuru na gharama za ghala na usafirishaji, na kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Minada hufunguliwa Oktoba. Kutoka siku ya kupima hadi siku ya simu kulia kwa ujumbe wa benki, Baba amewahi kungoja siku kumi na amewahi kungoja zaidi ya mwezi.

Chuo nacho kina kalenda yake. Kinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba, na kabla ya kusajiliwa unatakiwa nusu ya ada. Nusu ya pili inadaiwa muhula wa pili ukianza, mwezi wa Machi, na asiyekamilisha hapewi kibali cha kuingia kwenye mtihani.

Zilinganishe kalenda hizo mbili utaona ugumu ulipo, na si pale watu wanapodhani. Mkulima wa korosho si mtu asiye na fedha kabisa. Ana fedha wiki chache za Novemba na Desemba. Ada ya kwanza inamtangulia kwa wiki hizo chache tu, na ada ya pili inamkuta Machi, wakati mvua inanyesha, ghala la nyumbani limebaki makapi, na mihogo mipya bado iko ardhini. Nimesoma na watoto wa wapunga mpunga na wa wakulima wa tumbaku, na kila mmoja wao alikuwa na mwezi wake wa namna hii.

Shule za awali hazikututayarisha kwa hilo. Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 2015 ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na Januari 2016 serikali ikaifuta hadi kidato cha nne. Michango ilibaki, lakini michango hulipika kwa kuku. Kidato cha tano na cha sita nilikaa bweni kwa shilingi 70,000 kwa mwaka, ada ambayo nayo ilifutwa mwaka 2022, mimi nikiwa nimeshapita. Kwa hiyo Baba alikuwa na miaka sita ya kuamini kwamba kusomesha ni jambo la makumi ya elfu. Julai 2021 matokeo yakatoka, nikachaguliwa chuo, na barua ikasema shilingi 1,200,000 kwa mwaka.

Kulikuwa na Bodi ya Mikopo, bila shaka. Niliomba, nikalipia shilingi 30,000 za fomu, na nikajikwaa kwa kosa langu mwenyewe: jina la Baba kwenye cheti changu cha kuzaliwa lina herufi moja zaidi kuliko lile la kwenye cheti cha kidato cha nne. Ni herufi moja tu, nami niliona haina uzito. Mfumo wowote unaotafuta kujua kama watu wawili ni mmoja hauioni hivyo. Nilipopata hati ya kiapo ya kusahihisha, majina ya awamu zote yalikuwa yametoka, na mwaka wa kwanza nikausoma bila mkopo. Nikitaja gharama yake hapa, mwenye ndugu aliye kidato cha sita akague vyeti vya mtoto sasa, si Agosti.

Daftari la Baba linasema hivi kuhusu mwaka ule. Ada 1,200,000. Bima ya afya ya mwanafunzi 50,400. Mchango wa uhakiki ubora 20,000. Kitambulisho, usajili na serikali ya wanafunzi 45,000. Chumba nilichochangia na wasichana wawili, fungu langu 30,000 kwa mwezi. Chakula, tulikubaliana 3,000 kwa siku. Kwa miezi tisa jumla yote ni 2,395,400. Korosho zote za shamba, kilo 700, zingeuzwa zote mnadani msimu ule ambapo bei ilizunguka shilingi 2,000, na baada ya makato zikabaki kama 1,800 kwa kilo, zingetoa 1,260,000. Nusu ya safari, tena bila mtu mwingine yeyote nyumbani kula wala kuugua.

Lakini hazikuuzwa zote mnadani, na hapa Baba alinyamaza kidogo kabla ya kufunua ukurasa.

Agosti, alipoona tarehe ya kufungua chuo haitangoji mnada, alikwenda kwa mtu wa kangomba. Kwa msomaji asiye wa Kusini: kangomba ni biashara ya kununua korosho kijijini nje ya chama, mara nyingi zikiwa bado juu ya mti. Mnunuzi anatoa fedha leo, mkulima analipa kwa korosho msimu ukifika. Imepigwa marufuku, na kila kijiji kinamjua anayeifanya. Baba aliahidi kilo 300 kwa shilingi 1,000 kila moja, akapokea 300,000 mkononi.

Hazikutosha, kwa hiyo Oktoba akayatoa mabati. Yalikuwa 30, yamelazwa chini ya kitanda chao, yamefunikwa magunia yasishike kutu. Alikuwa ameyanunua kidogo kidogo kwa misimu minne, matano huku, manane kule, ili siku moja aondoe nyasi juu ya nyumba yetu. Utotoni nilipokuwa nikifagia chumba kile, ufagio uligonga yale mabati na kulia, na Mama alikuwa akisema, "Usiikwaruze nyumba." Alikuwa ameyanunua kwa wastani wa shilingi 22,000 kila bati. Fundi wa jirani aliyekuwa na tajiri wa kujengea aliyachukua yote kwa 15,000. Hiyo ni 450,000.

Laki tatu na laki nne na nusu ni 750,000. Malipo ya kusajiliwa yalikuwa 715,400: nusu ya ada pamoja na ile michango yote. Zilibaki 34,600, na humo ndimo ilimotoka nauli yangu ya basi. Namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wanafunzi wote huita kontroo namba, nilimsomea Baba tarakimu baada ya tarakimu kwa simu, naye alimrudia wakala, na wakala akairudia tena, tarakimu 12, mara tatu, kwa sababu fedha ikiingia kwenye namba ya mtu mwingine hakuna mkorosho wa kuirudisha.

Kilo 400 zilizobaki zikaenda mnadani, zikaleta 720,000 katikati ya Desemba. Hizo zilinilisha na kunilaza hadi karibu Mei, na hakuna hata shilingi moja iliyobaki nyumbani. Wao walikula mihogo. Mjomba, ambaye kwetu Wamakonde ana sauti kwa mtoto wa dada yake na hivyo ana mzigo pia, alitoa 150,000. Laki mbili na elfu kumi za mwisho nilizitafuta mwenyewe kwa kusuka nywele za wenzangu Jumamosi na Jumapili, na siku nyingine kwa kuikubali njaa, lakini hilo sitaki kulikuza; kila mtu chuoni alikuwa na kitu alichokisuka.

Machi ikafika. Nusu ya pili, 600,000. Mama alikuwa mwanachama wa kikoba cha wanawake 25 wanaokutana kila Alhamisi chini ya mwembe, na hisa zake zilimruhusu kukopa 400,000 kwa riba ya asilimia 10, arejeshe korosho zikilipwa. Baba akapalilia mashamba ya watu miezi miwili, akapata 200,000. Ada ikakamilika siku nne kabla ya mtihani.

Sasa naomba msomaji avumilie hesabu moja tu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisilale usiku ule. Kilo 300 za kangomba ziliuzwa kwa 1,000 wakati zingeleta 1,800, basi tofauti ni 240,000. Mabati 30 yalipoteza 7,000 kila moja, nayo ni 210,000. Riba ya kikoba, 40,000. Jumla ni 490,000. Fedha hizo hazikuonekana kwenye barua ya chuo, hazina stakabadhi, na hazikumfikia mwalimu wala mpishi. Ni bei ya haraka. Chuo kilidai 1,200,000, na wazazi wangu walitoa 1,200,000 pamoja na zaidi ya theluthi yake juu, kwa sababu tu ada iliwahi kufika kuliko korosho.

Ndiyo maana, nikiulizwa leo nini kingewapunguzia wazazi kama wangu, sianzi na kupunguza ada. Naanza na tarehe. Chuo kilichokubali mzazi wa Newala alipe Desemba 20 badala ya Novemba 5 kisingepoteza hata senti, na sisi tungebaki na mabati. Baadhi ya vyuo hukubali mwanafunzi akiandika barua mapema na kuambatisha maelezo. Mimi sikujua kwamba barua hiyo inaandikwa. Nilidhani tarehe ya ada ni kama tarehe ya kufa.

Mwaka wa pili na wa tatu nitavipita haraka, kwa sababu Bodi ilivipitisha haraka. Anayeendelea na masomo anaruhusiwa kuomba upya. Niliomba, herufi zikiwa zimepatana, nikapata nusu ya ada na fedha za chakula na malazi, bumu kama tunavyoiita, ambayo mwaka huo wa 2022 ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa msichana aliyezoea 3,000 hiyo ilikuwa utajiri. Nilichofanya hakitanisifu kwa watunga bajeti: nilikula kama zamani na nusu ya bumu nikairudisha Newala kulipa kikoba cha Mama na kumtoa Baba kwenye kangomba. Wanafunzi wengi wanafanya hivyo kimya kimya. Mkopo wa mtoto unalipa madeni ya wazazi yaliyotokana na ada ya mtoto, kisha mtoto akiajiriwa Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Deni lilikuwa la Baba, sasa ni langu. Halijaondoka ukoo.

Siku ya mahafali wazazi walifika na basi lililowashusha usiku uliotangulia. Waliketi mbali, kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Walikuwa wamejiandaa kusikia jina langu. Lakini wahitimu wa shahada ya kwanza tulikuwa mamia, na hatuitwi mmoja mmoja. Tunasimama kwa kozi, mkuu wa chuo anatamka kwamba anatutunuku, tunavaa kofia, tunakaa. Dakika moja, labda moja na nusu. Nilipowafuata Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki watu wajue kuna kasoro, "Mbona hawakukuita?" Nikamweleza. "Na karatasi yenyewe?" Nikamweleza kwamba cheti kitafuata, baada ya fomu ya kuonyesha kuwa sidaiwi na maktaba wala idara ya fedha. Baba akaugusa ule mfuko wa rambo. Hapo ndipo nilipolivua joho nikamvika Mama.

Sasa maneno ya chini ya picha. Niliandika yote, kangomba, mabati, kikoba, mihogo. Nikawasomea. Mama alicheka pale pa tarakimu. Baba hakucheka. Alisema, "Ya mabati andika, bati kila mtu ameuza. Ya kangomba toa." Nilimwuliza kwa nini, ingawa nilijua. Ni kosa kisheria, na katika kijiji chetu ni aibu pia, maana kila Agosti anayekwenda kangomba anajulikana kuwa ameshindwa. Nilitaka kumshukuru, na shukrani yangu ilikuwa inamvua nguo mbele za watu. Kuna wahitimu wanaoandika kwamba mama alikuwa akilala njaa, akiuza pombe ya mabibo, akiomba kwa majirani, na sijui kama mama aliulizwa. Mtoto anaona ni ushindi aliousimulia. Mzazi ndiye atakayekutana na majirani hao kesho kisimani.

Nikatoa. Kilichobaki kikawa hiki:

"Huyu aliyevaa joho ni Mama. Mwaka 2022 alikopa 400,000 kwenye kikoba chake nikafanya mtihani. Huyu mwenye maua ni Baba. Alikuwa na mabati 30 chini ya kitanda ya kuezekea nyumba. Aliyauza nikasajiliwa chuo. Mjomba hayupo pichani, alitoa 150,000 na hajawahi kuzitaja. Nyumba yetu bado ni ya nyasi. Shahada ni ya uhasibu, na hii ndiyo hesabu yangu ya kwanza. Asante Baba. Asante Mama. Nimeona."

Habari ya kangomba imo katika makala hii kwa ruhusa. Nilipomwambia Baba kwamba gazeti linataka niandike, alifikiri siku mbili, kisha akapiga simu: niandike, ila nisitaje kijiji wala jina lake, na niseme wazi kwamba alilazwa na tarehe, hakulazwa na uvivu. Nimesema.

Nina jambo moja la kuongeza ambalo halikuwamo kwenye picha. Oktoba 2024, mwezi mmoja kabla ya mahafali, minada ya korosho ya Newala na Tandahimba ilifunguliwa kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo, maradufu ya misimu yote niliyosoma. Kwa mara ya kwanza tangu 2021 Baba hakuwa na ada ya kulipa wala kilo aliyoiahidi mtu. Alipeleka kilo zote chamani na kungoja mnada kama wangojavyo wenye nafasi. Januari alinunua mabati 30, aina ile ile, kwa shilingi 27,000 kila moja.